Dakika tatu mbele ya jopo: nilivyopanga utangulizi wa utetezi wangu Goma

Nilikuwa natetea tasnifu yangu kuhusu kupunguza floridi kwenye maji ya kunywa, na tatizo langu lilikuwa muda. Kwa mwendo wangu wa kusema, dakika tatu hubeba maneno kama 300, na historia ya volkano peke yake ilikuwa inayamaliza. Niliifuta yote, watahini wanaishi hapa, lava wanaikanyaga kila siku.

Nikaanza na mchango wenyewe: "Kuchanganya maji ya chemchemi na ya mvua kunaweza kushusha floridi hadi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, bila kununua mtambo."

Kisha nikauliza mwenyewe swali nililoliogopa: mvua ya Goma si hupita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo, nao una floridi? Ndiyo, hupita. Ndiyo maana sikupendekeza nusu kwa nusu. Nilitoa mfano mmoja tu: chemchemi ikiwa na 3 na mvua 0.5, nusu kwa nusu inatoa 1.75, bado juu. Sehemu saba za mvua kwa tatu za chemchemi zinatoa 1.25. Kwa hiyo mvua lazima ipimwe kwanza.

Shaka ya pili, kiangazi, niliipa sentensi moja: tangi la mvua likikauka, njia hii haifanyi kazi. Kukiri mapema mpaka wa njia yako kuna faida yake, maana profesa mmoja alikuwa ameandika swali hilohilo. Akalikata kwa kalamu, akaniuliza kuhusu vipimo vya maabara.