Mshale uliogoma kwenye volti 6

Ilikua Jumamosi, mwaka 2011, nipo fomu siksi shule ya bweni huko Nyanda za Juu, baridi ile ya mwezi wa sita ambayo hata klipu za waya ukizishika vidole vinakua vizito. Mimi na mwenzangu wa meza moja tuliomba ufunguo wa maabara ya fizikia turudie praktikali ya kapasita, maana jana yake matokeo yetu yalikataliwa. Tuliambiwa tumekosea kusoma saa, basi. Mimi nlikua na uhakika saa nimeisoma vizuri na hiyo ndo ilinikosesha usingizi, kwasababu kama saa iko sawa basi kuna kitu kingine hakiko sawa na sikijui.

Saketi yenyewe ni ndogo sana. Betri ya volti 9, swichi, rezista ya kiloomu 100, kapasita ya maikrofaradi 1000, na mita ya mshale imebanwa kwenye miguu miwili ya kapasita ili tuangalie volti zinavyopanda. Taimu konstanti, ile tau, ni R mara C, na ukiweka omu 100,000 mara faradi 0.001 unapata sekunde 100 kamili. Walichagua hizo namba makusudi, ili mtu awe na muda wa kusoma mshale kwa macho.

Hiyo sekunde 100 nlikua naielewa hivi, na mpaka leo naielewa hivihivi. Kapasita ikiwa tupu, volti zote 9 zinaangukia kwenye rezista, kwahiyo mkondo ni 9 gawanya kwa 100,000, maikroampia 90, na mkondo huo unapandisha kapasita kwa volti 0.09 kila sekunde. Ungeendelea na kasi hiyohiyo ungefika 9 ndani ya sekunde 100. Ila hauendelei, maana kapasita ikishapanda mpaka volti 3 rezista inabakiwa na 6 tu, mkondo unapungua, mwendo unapungua, na kadri unavyosogea kileleni unazidi kuwa mdogo. Ndo maana baada ya tau moja unakua umefika asilimia 63 tu ya safari na sio yote. Kwenye 9 hiyo ni volti 5.7. Baada ya tau mbili ni 7.8, tau tatu 8.55, na kwenye tau tano ni 8.94 ambapo kwa macho unasema imejaa.

Sasa sisi tulipata nini. Tulianza na kapasita tupu, tukafunga swichi, mwenzangu anaita sekunde mimi nasoma mshale. Sekunde ya 30 nikasoma 2.2 wakati hesabu inasema 2.3, safi kabisa. Sekunde ya 60 nikasoma 3.5, hesabu inasema 4.1. Hapo tukaanza kuangaliana. Sekunde ya 100 ilikua 4.7 badala ya 5.7, ya 200 ilikua 5.7 badala ya 7.8, alafu ya 300 ikawa 5.9 na baada ya hapo mshale ukagoma. Tukasubiri dakika nyingine tano, upo palepale kwenye 6. Betri tukaipima peke yake na mita ileile, 9. Kwahiyo mita tukaiona haina hatia, na hilo ndo kosa lililotuchelewesha asubuhi nzima.

Tukageukia kumwaga chaji. Tuliijaza kapasita kwa kuigusisha moja kwa moja kwenye betri bila rezista, ikafika 9, tukatoa betri, tukaiacha ishuke kupitia rezista huku mita bado imebanwa. Hapa kanuni ni V = V0·e^(-t/RC), yaani baada ya tau moja inabaki asilimia 37, ambayo ni volti 3.3. Tuliifikia 3.3 kwenye sekunde ya 67. Ilipofika sekunde 100 mshale ulikua kwenye 2.

Mwenzangu akarukia hiyo 67, akasema hapa tumepima nusu maisha, maana muda wa kushuka hadi nusu ni 0.69 mara tau, sekunde 69, karibu kabisa na tulichopata. Ilivutia sana hiyo, ningeweza kuikubali na kwenda kula. Ila nusu ya 9 ni 4.5, na sisi 67 tumeisomea kwenye 3.3, kwahiyo haiwezi kuwa nusu maisha, ni namba mbili tu zimekutana njiani. Nikasema basi kapasita ndo mbovu. Kapasita hizi za elektrolaiti kawaida thamani yake inaruhusiwa kupishana asilimia 20 na kilichoandikwa, lakini hata ingekua 800 tau ingekua 80 na sio 67, na zaidi ya hapo kapasita ndogo inajaa haraka tu, haibadilishi kilele. Kilele kingebaki 9. Hiyo 6 ilikua inanisumbua kuliko hiyo 67.

Ndo akaingia mzee wa maabara, yule anayetunza vifaa. Tukamwamkia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, akavuta stuli akakaa. Hakugusa kitu. Akasoma daftari letu polepole kutoka juu mpaka chini alafu akauliza, "Mnasema inavuja?" Nikamwambia ndio mzee, nadhani inavuja kwa ndani, chaji inapotea. Akasema, "Haya, ijazeni 9, toeni kila kitu, rezista toa, mita toa, iacheni mezani peke yake dakika mbili."

Tukafanya hivyo. Baada ya dakika mbili tukaigusisha mita, mshale ukaruka mpaka 8.9. Kapasita haivuji. Nikataka kuitoa mita, akanizuia, "Acha hapohapo, usiitoe, anza kuhesabu."

Rezista haipo, betri haipo, ni kapasita na mita tu. Na mshale ukaanza kushuka. Taratibu sana lakini unashuka, sekunde baada ya sekunde, mpaka ilipofika sekunde 100 ulikua kwenye 5.4. Mzee akauliza swali moja, sijalisahau, "Kama rezista mmeitoa, chaji inapita wapi?"

Nilihisi mwili kusisimka. Haina njia nyingine ya kupita isipokua mita yenyewe! Mshale haujisogezi bure, kuna koili mle ndani, na koili inataka mkondo, na mkondo huo unatoka kwenye kapasita tunayoipima. Mzee akageuza mita, akaweka kidole pale chini ya kioo penye maandishi madogo: DC 20kΩ/V. Maana yake kila volti moja ya renji uliyochagua inaleta kiloomu 20. Sisi tulikua renji ya 10, kwahiyo mita yetu ni rezista ya kiloomu 200 tuliyoibana pale bila kuichora kwenye mchoro wa saketi.

Tukaikokotoa palepale. Wakati wa kumwaga, chaji ina njia mbili za kutokea, kiloomu 100 na kiloomu 200 sambamba, kwa pamoja zinakua 66.7. Zidisha na kapasita, tau ni sekunde 66.7. Ndo ile 67! Wakati wa kujaza, mwishoni kabisa kapasita ikishatulia haichukui mkondo tena, kinachobaki ni rezista ya 100 na mita ya 200 zimejipanga msururu zinagawana volti 9, na mita inapata theluthi mbili. Volti 6. Nilivyoona hiyo 6 inatoka kwenye kalkuleta niliirudia mara mbili, sikuamini namba iliyotunyima raha siku mbili inatoka kirahisi hivyo. Na betri peke yake ilisoma 9 kwasababu betri haina kiloomu 100 mbele yake, mkondo mdogo wa mita hauishtui.

Hata ile sekunde ya 30 iliyokubaliana na hesabu ikapata maelezo. Mwanzoni kapasita ina volti chache, na mita inavuta mkondo kulingana na volti inazoziona, kwahiyo inakua karibu haivuti kitu na mwendo ni uleule wa 0.09 kwa sekunde. Kadri volti zinavyopanda ndo wizi unakua. Ukikutana na grafu inayoanza vizuri alafu inalala chini ya kilele, tafuta njia ya pembeni inayokunywa mkondo, usikimbilie kubadilisha kapasita.

Tukarudia kazi yote kwa namna ya mzee. Unaacha kapasita ishuke kupitia rezista peke yake, mita haipo, sekunde moja kabla ya muda uliouchagua unagusisha waya mbili, mshale ukitulia unasoma na kuachia. Mita peke yake ina tau ya sekunde 200, kwahiyo mguso wa sekunde moja unaiba nusu asilimia tu, jicho haliwezi kuliona hilo kwenye mshale. Kwenye sekunde ya 50 hesabu ilitaka 5.5 tukapata 5.4, kwenye 100 ilitaka 3.3 tukapata 3.3, kwenye 200 ilitaka 1.2 tukapata kati ya 1.2 na 1.3. Tukaomba pia ile mita ya dijito iliyokua kabatini lakini betri yake ilikua imekufa, na ingekua nzima tusingeona lolote kati ya haya, maana ile huwa na megaomu 10 hivi na inapunguza tau kwa asilimia 1 tu.

Karibu tunafunga, mzee akasema turudishe saketi ya kujaza kama ya mwanzo, mita imebanwa, tusubiri mshale ugome kwenye 6. Ukagoma. Akasema, "Sasa nataka kupeleka renji kwenye 50. Kabla sijazungusha, niambie utasimama wapi." Nikaandika kwenye kiganja, 50 mara 20 ni kiloomu 1000, 9 mara 1000 gawanya kwa 1100. Nikasema 8.2, mzee. Akazungusha. Kwenye skeli ya 50 mistari imebanana na mshale upo huku chini kabisa, tukainama wote watatu, mwenzangu anaita dakika, moja, mbili, tatu, na kwenye ya tano ulikua umevuka 8 kidogo na umetulia.