Swali Dogo la Hajji

Leo nimemwandikia Hajji ujumbe niliouwaza wiki nzima, na nataka kuandika hapa jinsi nilivyoufikia.

Hajji ana duka la vifaa vya ujenzi Ndeeba, hapa Kampala. Tulijuana kwenye harusi ya jamaa. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Dada yangu, wewe ni mtu wa kodi, nina swali dogo tu. Mtu anatakiwa kujisajili VAT akifikia wapi?" Nikamjibu palepale. Mauzo yakizidi shilingi milioni 150 kwa mwaka, unajisajili. Na yakizidi robo ya hizo, yaani milioni 37 na laki tano, ndani ya miezi mitatu, hungoji mwaka uishe. Jibu hilo ni lilelile kwa muuza mabati wa Ndeeba na muuza vitenge wa Kikuubo. Silidai pesa na sitalidai.

Kisha zikaingia picha za daftari lake la mauzo kwenye wasapu, ukurasa baada ya ukurasa. "Angalia tu, dada, uniambie kama nimevuka."

Hapo ndipo kazi ilipobadilika, ingawa ombi lilibaki fupi vilevile. Nilijumlisha kwa haraka miezi mitatu ya mwisho: milioni 14, milioni 11, milioni 13. Jumla milioni 38, laki tano tu juu ya mstari. Lakini Hajji huwakopesha mafundi. Anaandika mauzo siku fundi anapochukua saruji, na katika kurasa kadhaa niliona jina lilelile likirudi siku ya kulipa, limejumlishwa tena kama mauzo mapya. Deni moja la laki sita likiwa limehesabiwa mara mbili, Hajji yuko chini ya mstari. Siwezi kujua bila kupitia kila jina na kumuuliza juu yake.

Na jibu langu angelifuata. Nikisema amevuka kumbe bado, ataanza kuongeza asilimia 18 kwenye bei wakati jirani yake haongezi, na kila mwezi atawasilisha ritani isiyopita tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Nikisema bado kumbe amevuka, kodi ambayo hakumtoza mteja itatoka mfukoni mwake, pamoja na adhabu. Kwangu huo ndio mpaka: kama jibu linahitaji nifungue karatasi zako, na wewe utachukua hatua kwa neno langu, hiyo ni kazi yangu ya kila siku, na watu wengine wananilipa kwa hiyo hiyo.

Nilikuwa bado natafuta maneno, keshia wake akaanza kunipigia moja kwa moja. Halafu Alhamisi usiku Hajji akatuma picha ya barua ya makadirio ya kodi ya mapato kutoka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, bila maelezo yoyote ila "Dada, hii je?"

Hiyo niliijibu usiku uleule, bure. Pingamizi la makadirio lina muda wa siku 45 tangu mtu anapopokea barua, na muda haumngojei mtu anayesubiri jibu langu. Nilimwambia aandike tarehe aliyoipokea na asikae nayo. Mtu akikaribia kupoteza haki yake kwa sababu ya tarehe, tarehe ile anaambiwa, awe analipa au halipi. Kuandika pingamizi lenyewe ni jambo jingine.

Ujumbe wa leo ni huu:

"Assalamu alaikum Hajji. Swali la mwanzo nilikujibu na nimefurahi likikusaidia. Daftari linahitaji nilipitie jina kwa jina, kwa sababu madeni yamechanganyika na mauzo. Kazi hiyo, pamoja na jibu la maandishi, ni shilingi laki nne, nusu kabla ya kuanza. Pingamizi ni kazi ya pili, nitaipangia bei nikiona vitabu. Ukipenda kumpa mtu mwingine, mpe wiki hii kwa ajili ya zile siku 45. Ofisi za URA pia hutoa maelezo bila malipo."

Sikuandika kwamba nina shughuli nyingi. Ukisema hivyo, mtu anaelewa kwamba ukipata nafasi utamfanyia bure, naye atarudi baada ya wiki mbili. Wala sikumdai kwa yale yaliyopita, maana hatukupatana bei, na kudai leo ni kumgeuzia ukarimu kuwa deni.

Alipiga simu baada ya adhuhuri, akaomba laki mbili. Sikushusha bei, nikapunguza kazi: kwa laki mbili keshia wake ataandika upya orodha ya madeni, jina na tarehe, nami nitakagua orodha hiyo na miezi mitatu tu. Akakubali. Pingamizi amempelekea mhasibu wa shemeji yake, na nimemtumia huyo mhasibu tarehe ya mwisho.