Barua pepe ya Alhamisi kabla ya kuanza kazi Kurasini

Mwezi Machi 2022 nilisaini mkataba na ofisi moja ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Nilikuwa nianze Jumatatu tarehe 14. Alhamisi jioni, nikiwa nyumbani Mbagala, simu ikalia: barua pepe kutoka kwa mama aliyekuja kuwa meneja wangu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye usaili.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitilia shaka. Mtaani kwetu walikuwepo vijana walioandikiwa barua za ajira zenye nembo nzuri, wakaambiwa watume pesa ya sare au ya usajili, na kazi yenyewe haikuwepo. Akaniambia, "Dada, soma kwanza kama wanaomba kitu." Tukasoma pamoja. Haikuomba hata shilingi. Zaidi ya hapo, ilinikataza kutuma chochote: "Usinitumie kopi ya kitambulisho wala namba ya akaunti kwa barua pepe. Njoo navyo Jumatatu. Ukiwa na wasiwasi na ujumbe huu, piga namba iliyo kwenye mkataba wako, usipige iliyo hapa chini." Kaka akasema apigiwe. Nikapiga, akapokea mwenyewe, akacheka kwa furaha kwamba nimeuliza.

Kazi yangu ya kwanza, kwenye kampuni nyingine, sikuandikiwa neno. Nilifika asubuhi, mlinzi hakuwa na jina langu, na afisa utumishi alikuwa likizo. Nilikaa kwenye benchi la mapokezi hadi mchana huku kila anayepita akiniuliza nimekuja kumwona nani. Namba yangu ya akaunti ikachukuliwa mwezi ukiwa unaishia, orodha ya mishahara imeshafungwa, nikalipwa mwezi uliofuata. Kodi ya chumba nilikopa. Kwa hiyo nilipoisoma ile barua pepe ya Kurasini nilikuwa najua hasa kila mstari wake unazuia kitu gani.

Ilianza na njia. Mwaka ule Barabara ya Kilwa ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya mwendokasi, na foleni ya asubuhi kutoka Mbagala ilikuwa mateso. Aliandika: "Ofisi inafunguliwa saa mbili, lakini wewe Jumatatu njoo saa tatu. Hiyo saa moja mimi nitakuwa nagawa kazi na sitaki ukae bila mwenyeji. Shuka Uhasibu, ingia geti la bluu. Jina lako lipo kwenye daftari la mlinzi." Akaongeza kwamba suruali na viatu vya kufunika vidole vinafaa kuliko sketi na ndala, kwa sababu siku nyingine tunaingia bandari kavu kuhakiki kontena, na kwamba mama ntilie wa nyuma ya jengo anakubali kulipwa mwisho wa wiki. Mambo hayo mtu mgeni huona haya kuyauliza, na ndiyo yanayomnyima usingizi.

Halafu nyaraka: namba ya NIDA, TIN, kadi ya benki, vyeti halisi. Kwenye NSSF alisisitiza kwamba kama nilishawahi kuajiriwa nije na namba yangu ileile, nisifungue uanachama mpya, maana michango ikigawanyika kwenye namba mbili, kuiunganisha baadaye ni safari za ofisini zisizoisha. Orodha ya mishahara, aliandika, inafungwa tarehe 20. Vikikamilika Jumatatu, mshahara wa siku nitakazofanya Machi utatoka na wa wenzangu.

Kilichonishika zaidi ni aya ya mshahara. Mkataba ulisema mshahara wa msingi ni shilingi 800,000, na mimi nilishaanza kuzipangia matumizi zote. Yeye alinifanyia hesabu. NSSF asilimia 10, yaani 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake, ile inayoandikwa PAYE, ni 60,000. Kwa kuwa nilisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. "Kwa mwezi kamili utapokea 540,000. Nakuambia sasa ili usikopee pesa ambayo haiji." Niliisoma aya hiyo mara mbili, nikachukua kalamu na kupanga upya kila kitu. Chumba nilichokuwa nimekiulizia karibu na kazini nikaachana nacho usiku uleule. Nimeona vijana wengi wakipokea hati ya mshahara ya kwanza na kudhani wameibiwa, kumbe hakuna aliyewaeleza kwamba mkopo wa chuo unakatwa kwenye mshahara wa msingi, kabla hawajaushika.

Mwisho aliniandikia wiki yangu ya kwanza. Sitaingiza kadhia yoyote, yaani tamko la mzigo kwa forodha. Nitakaa na mwenzangu mmoja, nisome mafaili yaliyokwisha kufungwa, nilinganishe ankara, orodha ya vifurushi na hati ya meli, nitafute uzito au idadi isiyolingana. Kisha mstari huu: "Nywila yako ya TANCIS inaweza kuchelewa. Mtu akikupa yake ili kazi iende, kataa, sema mimi ndiye niliyekukataza." Kwenye mfumo huo wa forodha kila kadhia hubeba jina la aliyeiingiza, na thamani ikiandikwa vibaya ndiye anayeitwa kujieleza. Mgeni hawezi kumkatalia mkubwa wake kazini bila kuwa na mtu nyuma yake. Siku ya pili tu kaka mmoja wa pale, kwa nia njema kabisa, alinisogezea kompyuta yake iliyo wazi. Nikamwambia bosi amenikataza. Akasema, "Ah, basi sawa," na yakaisha hapo.

Jumatatu nilipofika getini nikamwamkia mlinzi shikamoo, akaitikia marahaba huku kidole chake kikishuka kwenye ukurasa wa daftari mpaka kwenye jina langu, limeandikwa kwa kalamu nyekundu, majina yote matatu.

Baadaye, nilipozoea, nilimuuliza meneja kwa nini barua pepe ile ilikuja Alhamisi wakati mkataba nilisaini wiki iliyotangulia. Akanijibu kwamba huwa haiandiki mpaka amekwenda getini kuona jina limeandikwa, amekaa kwenye kiti na kuwasha kompyuta ya mgeni, na mhasibu amemthibitishia hesabu ya makato. "Nikikuandikia kwamba meza ipo halafu ukute haipo, hutaniamini nitakapokuambia jambo la kazi." Ya Jumatano huwa haijakamilika, akasema, na ya Ijumaa mtu huisoma wikiendi akikosa wa kumuuliza.

Sasa na mimi nina vijana wawili chini yangu na nimewaandikia wote kwa mpangilio wake, ila hesabu ya makato naiomba upya kwa mhasibu kila mara, kwa sababu si kila mtu ana mkopo wa Bodi. Na sentensi moja nimeiongeza, ambayo yeye alinieleza kwa mdomo tu: kwamba barua pepe hii ni ya kumkaribisha mtu, na pale itakapotofautiana na mkataba aliosaini, mkataba ndio wenye neno.