Kipepeo Juu ya Jina

Jana binti yangu alijalidi daftari jipya, akaandika VANESSA kwa herufi kubwa na kuchora kipepeo juu ya ile V. "Mama, si ndiyo maana ya jina langu?" Sikumjibu papo hapo, maana nilikuwa nimerudi kwenye usiku wa zile kadi.

Alikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nimeinamia meza, naandika kadi za kuwatangazia ndugu: "Vanessa, maana yake kipepeo kwa Kigiriki." Nilikisoma hicho kwenye kitabu cha majina ya watoto nikakipenda mno. Shangazi, aliyefanya kazi ya kutafsiri miaka mingi, akachukua kadi moja, akaisogeza kwenye taa.

"Mwanangu, neno lenyewe liko wapi kwenye kamusi ya Kigiriki?"

Akaileta, ile nene yenye jalada lililoachia gundi. Kidole chake kilishuka safu ya maneno polepole, nami nikizuia pumzi kama ninayengoja matokeo ya mtihani. Kipepeo alikuwemo, ila anaitwa psikhe, neno lilelile la nafsi. Vanessa hakuwemo popote. Nikanuna. Nikasema basi hata maana ya Tabitha, dada yangu, itakuwa uongo.

"Hebu tulijaribu hilo nalo," akasema. Akafunua Biblia, Matendo 9:36, ambapo Tabitha anafasiriwa kwa Kigiriki kuwa Dorkasi. Akarudi kwenye kamusi, kidole kikashuka tena, kikasimama: dorkas, paa wa porini. "Hili lina tafsiri yenye neno kwenye kamusi. Lako halina. Lugha ikikataa, tunauliza miaka: nani alianza kuitwa hivyo, mtu au mdudu?"

Miaka tuliipata baadaye, kwa kuuliza na kusoma. Jina Vanessa lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kwa ajili ya rafiki yake Esther Vanhomrigh: Van ya mwanzo wa jina la ukoo, na mwisho wake kutoka Esther. Shairi lenye jina hilo lilichapishwa mwaka 1726. Vipepeo wa jenasi ya Vanessa walipewa jina na Fabricius, mtaalamu wa wadudu kutoka Denmaki, mwaka 1807. Mtu alimtangulia kipepeo kwa miaka 81, na kitabu changu kilikuwa kimeisoma hadithi kinyumenyume.

Kadi niliziandika upya, bila maana yoyote. Niliumia kuliko nilivyomwonyesha Shangazi, na hadi leo sijajua kama nilichokosa ni maana au ni kile kipepeo tu.

Hayo yote nilimweleza binti yangu jana, kwa ufupi. Alisikiliza huku akipaka bawa rangi ya chungwa.

"Kwa hiyo kipepeo ndiye aliyepewa jina langu?"

"Ndiyo, wa aina moja."

Akachukua penseli, akaanza kumchora wa pili.