Naloksoni imenilia alama 5

Mtihani wa famakolojia leo umenikomoa. Swali: mgonjwa kazidisha methadoni, dawa ya jamii ya afyuni, haamshiki, mboni zimebana kama ncha ya pini, anapumua mara 4 kwa dakika. Kachomwa naloksoni, dawa ya kuzima nguvu za afyuni, miligramu 0.4, akazinduka. Saa moja baadaye kalala tena, pumzi zinapotea. Kwa nini?

Mimi huyo nikaandika dozi ilikuwa ndogo. Sasa ingekuwa ndogo, angezinduka vipi? Naloksoni huing'oa methadoni kwenye vipokezi na kukaa mahali pake, ila nguvu zake huisha ndani ya dakika 30 hadi 90. Methadoni bado imo mwilini, inarudi palepale. Walitaka: rudia dozi au weka dripu ya naloksoni, na mgonjwa asiruhusiwe mapema.