Saa 4:00 niliyoiandika na saa 4:00 aliyoisoma mteja

Lori lilifika getini saa kumi kasoro robo jioni. Dereva alishuka ametulia, bahasha ya nyaraka mkononi, akamsalimia mlinzi na kuuliza anapakia upande gani. Kwa jinsi alivyoambiwa, alikuwa amewahi kwa dakika 15. Sisi tulikuwa tumemsubiri tangu saa nne asubuhi, na kreni tuliyoiombea nafasi ilikuwa imeshahamia kwenye mzigo wa mtu mwingine.

"Dada, bosi wa Lusaka kaniambia saa kumi," alisema, akanisogezea simu nisome mwenyewe.

Hakukosea. Aliambiwa kwa Kiingereza kwamba ni saa kumi jioni, na ndivyo alivyofika. Aliyekosea nilikuwa mimi, na kosa lenyewe lilikuwa kwenye barua pepe ya mistari minne niliyoiandika siku mbili kabla.

Nafanya kazi ya nyaraka kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mizigo yetu mingi ni ya kupita tu: inashuka bandarini, inapanda malori, inaelekea Tunduma na kuvuka kwenda Zambia. Barua ile niliwatumia watu wanne kwa pamoja. Wawili ni wenzangu wa ofisini, mmoja ni msimamizi wa yadi, na wa nne ni mteja wa Lusaka, ambaye Kiswahili hajui. Niliandika hivi:

```
Hi all,
Loading ni tarehe 14/6 saa 4:00, please ensure driver
yupo na documents zote. Kontena likichelewa kutoka,
storage itakuwa juu ya client. Nime-attach B/L na T1.
```

Wakati naiandika haikunisumbua hata kidogo. Ndivyo tunavyoongea siku nzima pale ofisini, na wenzangu watatu wa Dar es Salaam waliielewa bila kuuliza chochote. Saa 4:00 kwao ni saa nne asubuhi, kwa sababu yadi haipakii usiku na hakuna anayehesabu saa kwa namna nyingine.

Mkuu wetu wa idara, mama mtu mzima aliyekaa kwenye kazi hii kuliko sisi wote, aliniita kesho yake. Alikuwa ameichapisha ile barua kwenye karatasi.

"Mwanangu," aliniambia, "ungemwandikia Kiswahili kitupu tungekuwa salama."

"Kivipi, mama, wakati Kiswahili hakijui?"

"Ndiyo maana. Angeuliza."

Kisha akachukua kalamu na kufuta kila neno la Kiswahili, moja baada ya jingine. Yakabaki kupakia, tarehe 14/6, 4:00, tafadhali hakikisha, dereva, nyaraka, gharama za kuhifadhi, mteja, B/L, T1, yote kwa Kiingereza. Nilipoyasoma yaliyobaki nilishtuka. Ilikuwa barua nzima inayoeleweka, ila haikuwa barua yangu. Mtu wa Lusaka aliona maneno anayoyajua yakiwa yamepangana vizuri, akaona tarehe, akaona saa, akaridhika kwamba ameelewa. Alfajiri saa kumi hakuna anayepakia kontena, kwa hiyo akachukua kwamba 4:00 ni ya jioni. Alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiri.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu. Barua ya lugha isiyojulikana humfanya msomaji asimame na kuomba msaada. Barua iliyochanganywa humwachia nusu, na ile nusu inatosha kumfanya aendelee na kazi. Kwenye saa zetu ni hatari zaidi, kwa kuwa sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza na wenzetu wanaanza saa sita usiku. Tarakimu zinaandikwa vilevile, tofauti ni saa sita, na hakuna alama yoyote kwenye "4:00" inayosema imehesabiwa kwa lugha gani. Ningeandika "saa nne asubuhi" kwa herufi, angeona maneno asiyoyajua na angeuliza.

La saa halikuwa hata kubwa kuliko yote. Kontena lililala yadini, gharama za kuhifadhi zikaongezeka, na tulipompelekea mteja hesabu alikataa kulipa. Alisema hakuna mahali alipotahadharishwa. Nikafungua ile barua nimwonyeshe, nikaona onyo lenyewe, "itakuwa juu ya", liko kwa Kiswahili. Yeye alisoma gharama na mteja, asijue uhusiano wa hayo maneno mawili. Kampuni ililipa, na ilikuwa haki ilipe.

Mama alinionyesha kitu kingine kwenye karatasi ileile, na hiki nakitumia mpaka leo. Aliweka kidole kwenye "please ensure" akaniuliza, "Hapa unamwambia nani?" Sikuwa na jibu. Kwa Kiingereza neno hilo halibadiliki, uwe unamwambia mtu mmoja au watu kumi. Nilikuwa nimewaandikia watu wanne, na kila mmoja alidhani anayehakikisha dereva yupo ni mwingine. Kiswahili kingenibana nichague. Ningeandika "hakikisha", mtu angeuliza ni nani kati yetu. Ningeandika "hakikisheni", wote wangejua wamo. Na kama ningeandika "naomba msimamizi wa yadi ampigie dereva", pasingebaki cha kukisia. Nilikimbilia Kiingereza kwa sababu kilinisaidia kutoa amri bila kumtaja mtu, na sasa naona mara nyingi ndivyo kinavyotumika kwenye barua zetu. Mtu anaanza na "Shikamoo mzee, habari za nyumbani", halafu akifika kwenye kudai ripoti anahamia Kiingereza. Mzee anayesoma anausikia ule mruko. Heshima imesalimia kisha imeondoka, na anajiuliza kama amekosewa adabu au mwandishi alikuwa na haraka tu.

Tangu siku ile, kabla sijatuma barua kwa watu wa lugha mbili, nafanya alichofanya mama. Naisoma mara moja nikiruka Kiswahili chote, kisha naisoma tena nikiruka Kiingereza chote. Yanayobaki yakiunda amri, saa au kiasi cha fedha ambacho sicho nilichokusudia, naivunja. Haichukui hata dakika moja. Barua ya mzigo uliofuata wa mteja yuleyule ilitoka hivi, sehemu mbili zilizotenganishwa na mstari:

```
Loading: Thursday 28 June, 10:00 Dar es Salaam time
(09:00 Lusaka). If the truck is late, storage charges
will be for your account.
---
Yadi: tunapakia Alhamisi tarehe 28/6, saa nne asubuhi.
Naomba msimamizi ampigie dereva Jumatano jioni.
```

Lusaka wako nyuma yetu kwa saa moja, ndiyo sababu nataja miji yote miwili. Utaona pia kwamba sehemu ya pili si tafsiri ya ya kwanza. Mteja haimhusu nani anampigia dereva, na msimamizi hahitaji kusoma habari za malipo. Nilikuwa nikiogopa kwamba kuandika sehemu mbili ni kazi mara mbili, kumbe kila sehemu inakuwa fupi kwa sababu ina mwenyewe.

Hata hivyo sijaacha kuchanganya, na sikubaliani na wanaosema kila neno la kigeni kwenye barua ya kazi ni uvivu. Mwenzangu wa meza ya pili akiniandikia "T1 imetoka lakini B/L haijasainiwa", hiyo kwangu ni sentensi ya Kiswahili iliyonyooka. T1 ni hati ya mzigo wa kupita na B/L ni hati ya meli. Ni majina yaliyochapwa juu ya karatasi zenyewe, na ndiyo tunayoyatafuta kwenye mafaili na kwenye kompyuta. Ukiyatafsiri utamfanya mwenzako aanze kukisia unasema karatasi ipi. Mwendo wote wa sentensi unabaki wa Kiswahili, "imetoka" na "haijasainiwa" zinafuata ngeli kama kawaida, na jina limekaa mahali pa jina.

Linalonikwaruza ni tendo linapochanganywa, kama ile "nime-attach" yangu. Kistari peke yake kinaonyesha mahali pa mshono. Mmoja anaandika "nime-attach", wa pili "nimeattach", wa tatu "nimeatach", na kompyuta inazipigia zote mstari mwekundu. Inapiga mstari mwekundu kwenye Kiswahili chote kilichobaki pia, mpaka jicho linazoea, na kosa la kweli linapita katikati. Niliwahi kutuma "haijalipiwa" mahali pa "imelipiwa" kwa namna hiyo, kwenye ukurasa uliokuwa mwekundu wote. Na neno tunalo: nimeambatanisha. Mwanzoni lilinisikikia la kiserikali, baada ya wiki mbili likawa la kawaida mkononi.

Kuna kuchanganya kwingine ambako nakupenda kabisa. Mwenzetu wa Nairobi huandika barua zake kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na mwisho anaweka "Asante sana". Inasomeka vizuri kwa sababu lugha imebadilishwa mahali pa kupumulia, si katikati ya maelekezo, na asiyeielewa hapotezi kitu. Baba yangu alipofariki, barua nyingi za pole zilinijia kwa Kiingereza kirefu cha ofisini. Moja ilikuwa ya kikazi, inataja mzigo na tarehe kwa Kiingereza, lakini ilianza na mstari mmoja: "Pole sana dada kwa msiba, Mungu akutie nguvu." Niliusoma huo mstari mara kadhaa. Aliyeuandika alijua kwamba hilo halisemeki kwa lugha ya mizigo, akalisema kwa lugha yake, kisha akarudi kazini.

Jambo moja bado linanikamata. Sisi watatu wa ofisini tukiandikiana, tunachanganya tunavyotaka, na hakuna tatizo kwa kuwa wote tunazijua lugha zote mbili na wote tunahesabu saa kwa namna moja. Lakini barua hazikai pale zilipoandikwa. Baada ya majibu sita mtu anasema, "Mwongeze na mteja," na mteja anaongezwa na mazungumzo yote chini yake, pamoja na "saa 8 tuwe yadini" ambayo kwetu ni mchana na kwake ni asubuhi. Kwa hiyo mtu mpya akiingia sibonyezi tena kitufe cha kupeleka mbele. Nafungua ukurasa mtupu, naandika upya yale tu anayohitaji kwa lugha yake, na ile minong'ono yetu ya saa nane inabaki kwetu.