Daulatkhana Yangu

Mwaka 2009, nilipokuwa mwanafunzi nchini India, rafiki yangu wa darasani alinichukua kwao Laknau ili nikamwamkie bibi yake, ambaye nyumba nzima ilimwita Dadi. Njiani alinifundisha kusema kwa Kiurdu "adaab arz hai", yaani natoa heshima zangu, salamu ambayo katika mji ule Waislamu na Wahindu wameamkiana nayo tangu zamani kwa kuwa haifungamani na dini ya mtu.

Nilidhani jambo hilo nalijua, maana nimekulia Mombasa, ambako mtoto hampiti mzee bila kusema shikamoo. Nilichokuwa sikijui ni mkono. Niliupandisha kwa haraka, kiganja kikitazama mbele, mithili ya askari. Rafiki yangu alipoamkia baada yangu ndipo nikaona inavyofanywa: aliinamisha kichwa kidogo, akainua mkono wa kulia taratibu hadi karibu na kipaji, vidole vimeshikana na kupinda kama vya anayeteka maji, kiganja kikielekea usoni pake. Dadi akatujibu sote wawili, "Jite rahiye", muishi miaka mingi, jibu ambalo masikioni mwangu lilikaa pale pale inapokaa marahaba.

Tulipoketi akaniuliza, "Daulatkhana yako iko wapi?" Nilielewa kwamba ananiuliza kwetu, basi nikajibu kwa ufasaha niliouonea fahari: "Daulatkhana yangu iko Mombasa." Wajukuu wadogo wakaangua kicheko.

Daulatkhana ni nyumba ya neema, na mtu huitaja hivyo nyumba ya mwenzake tu. Yake mwenyewe, hata ikiwa kasri, huiita gharibkhana, nyumba ya fukara. Mwendo huo umeenea katika Kiurdu chote cha adabu. Mwenzako akizungumza, kitenzi chake ni farmana, ambacho asili yake ni kuamuru, bali wewe ukizungumza ni arz karna, kuwasilisha ombi. Sisi kwa Kiswahili humwambia kila mtu "wewe". Wao wana "wewe" tatu, "tu", "tum" na "aap", ya mwisho ikiwa ndiyo ya heshima zaidi, na Dadi aliwaita "aap" hata wale watoto waliokuwa wakicheka.

Hakunisahihisha. Aliwatazama watoto mpaka wakanyamaza, kisha akaniambia polepole, akilitamka kila neno kwa ukamilifu: "Umetoka mbali, ukaiacha daulatkhana yako, ukaja kuipa heshima gharibkhana yetu." Maneno yote mawili yakawa yamerudi mahali pake, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba nimefundishwa.

Wakati wa kuaga alinipa tambuu kutoka chombo cha shaba. Niliipokea kwa mkono wa kulia, nikaihamishia wa kushoto, nikainua mkono kama nilivyoona, kiganja usoni, kisha nikamkaribisha Mombasa, katika gharibkhana yetu.

Akatabasamu, akauliza: "Na hiyo daulatkhana yako, iko karibu na bahari?"